Dakika ngapi za kupangia safari ya kazini: wastani, siku mbaya na muda wa kutokea nyumbani

Swali: Nakaa Mbezi Mwisho, kazi iko Posta. Natembea hadi kituoni, napanda daladala hadi Kimara, halafu mwendokasi hadi Posta ya Zamani. Nimeandika dakika za safari ya asubuhi kwa siku 12 za kazi: 68, 74, 71, 83, 66, 77, 72, 118, 70, 79, 75, 91. Siku ya 118 na ya 91 mvua ilinyesha. Siku hizo nilitoka kati ya saa 12:20 na 12:35, kazini naingia saa 2:00. Wastani ni dakika 79, lakini nikitoka kwa hesabu hiyo bado nachelewa. Nipangie dakika ngapi, na mbaya kabisa niseme ngapi?

Jibu: Panga dakika 90 siku kavu, yaani uwe nje ya mlango saa 12:30, na dakika 120 asubuhi ya mvua, yaani saa 12:00 kamili. Ukiulizwa siku mbaya uliyowahi kuona, sema 118, lakini usiseme kwamba ndiyo mbaya kabisa. Wastani wa 79 ni sahihi kihesabu. Tatizo ni kwamba unautumia kwa kazi isiyo yake.

Anza kwa kupanga namba zako kutoka ndogo hadi kubwa, kwa sababu zikikaa kwa tarehe hazionyeshi umbo lake:

66, 68, 70, 71, 72, 74, 75, 77, 79, 83, 91, 118

Tazama zilivyobanana upande wa kushoto na zinavyotawanyika kulia. Kutoka 66 hadi 79 kuna siku tisa ndani ya dakika 13 tu. Kisha 83, kisha kuruka hadi 91, kisha kuruka tena hadi 118. Safari za mjini karibu zote zina umbo hili, na sababu yake ni rahisi. Barabara iwe nyeupe namna gani, bado utatembea hadi kituoni, gari litasimama vituoni, na kutoka Mbezi hadi Posta ni mwendo uleule. Kuna sakafu ambayo huwezi kushuka chini yake, na kwako inaonekana iko karibu na dakika 65. Juu hakuna dari. Ajali moja, lori moja lililoharibika, au maji yaliyojaa barabarani vinaweza kuongeza nusu saa au saa nzima. Siku nzuri inakuokolea dakika kumi, siku mbaya inakula arobaini.

Hapo ndipo wastani unapokuponza. Jumla ya siku zako ni dakika 944. Gawa kwa 12, unapata 78.7. Ondoa ile siku moja ya 118 na wastani unashuka hadi 75.1. Siku moja imeusukuma juu kwa zaidi ya dakika tatu na nusu, na hata hivyo haijausukuma vya kutosha kukulinda na siku kama yenyewe. Ukitoka dakika 79 kabla ya saa 2:00, yaani saa 12:41, siku tatu kati ya hizo 12 ungechelewa: ya 83, ya 91 na ya 118. Robo ya siku zako. Kwa hiyo kuchelewa kwako hakutokani na bahati mbaya. Hesabu yenyewe ilishakuambia.

Wastani una matumizi yake, na ni yale yanayohusu jumla. Ukitaka kujua mwezi wa siku 22 za kazi unakula saa ngapi asubuhi, zidisha 22 kwa 78.7 upate kama dakika 1,731, karibu saa 29. Kwa hilo hakuna namba nyingine inayofaa, kwa sababu wastani unabeba siku nzuri na mbaya kwa uzito wake. Rafiki akikuuliza kwenu hadi mjini ni muda gani, mpe namba ya katikati, ile inayogawa siku zako nusu kwa nusu. Kwa siku 12 ni katikati ya ya sita na ya saba, 74 na 75, kwa hiyo 74.5. Hiyo ndiyo siku yako ya kawaida.

Sasa tuje kwenye siku mbaya. Watu wengi huchukua namba kubwa kuliko zote kwenye daftari na kuiita mbaya kabisa, kisha wanashangaa ikivukwa. Fikiri hivi: kesho itaongezwa kwenye siku zako 12, ziwe 13. Kama kesho haina tofauti ya pekee na siku zilizotangulia, kila moja ya hizo 13 ina nafasi sawa ya kuwa ndiyo ndefu kuliko zote. Basi kuna nafasi 1 kati ya 13 kwamba kesho itapita 118. Kwa mwezi wa siku 22 hiyo ni kama siku 1.7. Kwa namba ya pili kwa ukubwa, yaani 91, nafasi ni 2 kati ya 13, sawa na siku tatu na kitu kwa mwezi. Hesabu hii haihitaji fomula ngumu, na inafaa kwa daftari lolote: namba kubwa kuliko zote katika siku N itavukwa mara 1 kwa kila siku N jumlisha 1.

Ndiyo maana daftari la siku tano halitoshi kusemea siku mbaya. Kubwa ya siku tano inavukwa mara 1 kati ya 6, karibu kila wiki. Ukitaka namba inayovukwa kama mara moja kwa mwezi wa kazi wa siku 22, unahitaji siku 21 zilizoandikwa, uchukue kubwa kuliko zote. Bora zaidi ni siku 43, uchukue ya pili kwa ukubwa: nafasi ni ileile, 2 kati ya 44, lakini namba haitegemei tena tukio moja la ajabu.

Kama unatumia Excel au jedwali la Google, saa ya kutoka iwe safu ya B, ya kufika safu ya C, dakika safu ya D:

```
=(C2-B2)*1440
=AVERAGE(D2:D13)
=MEDIAN(D2:D13)
=MAX(D2:D13)
=LARGE(D2:D13,2)
```

Ile 1440 ni dakika za siku nzima, kwa kuwa jedwali linahesabu muda kama sehemu ya siku. Safu ya D ikionyesha saa badala ya dakika, badilisha muundo wake uwe wa namba ya kawaida. Jihadhari pia na kosa linalotupata sisi kuliko wengine: simu inaonyesha 06:25, kichwani ni saa 12:25. Ukiingiza kutoka kwa saa ya Kiswahili, 12:25, na kufika kwa saa ya simu, 07:41, jibu linakuwa hasi. Hilo utaliona mara moja. Baya zaidi ni ukiandika zote kwa Kiswahili, 12:25 na 1:41: tena hasi, na mtu akiondoa alama ya kutoa kwa mkono anabaki na dakika 644, ambazo zikipita bila kuonwa zinaharibu wastani na siku mbaya kwa pamoja. Andika zote mbili kama simu inavyoonyesha.

Kuna fomula nyingine maarufu, ya kutafuta muda unaotosha siku 9 kati ya 10. Ijaribu kwenye namba zako. `PERCENTILE.INC(D2:D13,0.9)` inatoa 90.2. `PERCENTILE.EXC(D2:D13,0.9)` inatoa 109.9. Data ni zilezile, swali ni lilelile, na majibu yamepishana kwa karibu dakika 20. Hakuna iliyokosea. Zinajaza kwa namna tofauti ule mwanya mtupu kati ya 83, 91 na 118, na huko juu hakuna siku za kutosha kuzisuluhisha. Mtu akikupa jibu lenye desimali kutoka siku 12, ujue desimali hiyo haina kitu nyuma yake.

Kwa hiyo kwa nini nimesema 90 na 120, na si 118 kila siku? Ukipanga 118 kila siku, unafika dakika 40 kabla siku nyingi. Ukilinganisha na 90, ni dakika 28 za ziada kila asubuhi. Kwa siku 20 kavu ni dakika 560, zaidi ya saa tisa za usingizi kwa mwezi. Gharama hiyo inalipwa siku kavu ili kulinda siku za mvua, na mvua unaiona kabla hujatoka. Hilo ndilo linalobadilisha mambo. Sababu ya ucheleweshaji ikijulikana kabla ya kutoka, usiichanganye kwenye namba moja. Gawa daftari.

Siku zako kavu ni kumi: 66, 68, 70, 71, 72, 74, 75, 77, 79, 83. Wastani wake ni 73.5, ya katikati ni 73, kubwa ni 83. Ona zilivyotulia. Kwa kanuni ile ya juu, 83 itavukwa mara 1 kati ya 11, karibu mara mbili kwa mwezi, na hiyo ni nyingi kama kazini kwenu kuna kitabu cha mahudhurio. Nimeongeza dakika saba kufika 90. Saba hiyo haijatoka kwenye fomula. Mwishoni namba zako kavu zinapanda kwa hatua ndogo, 77, 79, 83, na hatua inayofuata yenye ukubwa maradufu ingefika karibu na 90. Dakika saba kwa siku 20 ni saa mbili na dakika 20 kwa mwezi, bei ninayoona inalipika. Kama mwajiri wako hajali dakika tano, 85 inatosha.

Za mvua ni mbili tu, 91 na 118. Kwa siku mbili, nafasi ya asubuhi nyingine ya mvua kuvuka kubwa yake ni 1 kati ya 3. Ndiyo hali halisi ya ile 120: ni namba ya kuanzia, hadi upate siku nane au kumi za mvua. Unajua pia kwamba mvua haiko sawa. Manyunyu yanapunguza mwendo na kujaza watu vituoni. Mvua kubwa ya usiku kucha inaweza kuuleta mto Msimbazi hadi barabarani pale Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa na mwendokasi yakashindwa kufika mjini. Siku hiyo si ya dakika 118, wala ya 150. Ni siku ya kutafuta njia nyingine au kupiga simu kazini mapema, na haifai kuingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni foleni ndefu. Iandike pembeni ujue imetokea mara ngapi.

Kwenye kugawa huko kuna mtego mmoja ambao naomba uuepuke kwa makini. Amua siku ni ya mvua kabla hujajua imechukua dakika ngapi. Weka sharti moja linaloonekana, kwa mfano: mvua inanyesha au barabara ya mtaani ina madimbwi saa 11:15 ninapoamka. Likitimia, ni siku ya mvua hata ukifika kwa dakika 70. Lisipotimia, ni kavu hata mvua ikikukuta Ubungo. Usipofanya hivyo, jioni utakumbuka manyunyu ya siku iliyochukua dakika 95 na kuihamishia mvua, utasahau manyunyu ya siku ya 72, na kundi lako la siku kavu litaonekana zuri kuliko lilivyo. Kisha kesho litakuchelewesha.

Jingine linalojificha ndani ya namba zako ni bodaboda. Kuna siku kati ya hizi 12 ulipoona foleni, ukashuka Kimara ukachukua bodaboda? Kama ipo, namba ya siku hiyo si muda wa safari unayoipangia. Umelipa pesa kukata mkia wa siku mbaya, na daftari limeandika 70 mahali ambapo pengine pangekuwa 105. Usiifute, kwa maana ukifuta siku zote mbaya unabaki na nzuri tupu. Ipe alama, na ukipanga namba kwa ukubwa ihesabu kama "zaidi ya 83", uiweke upande wa juu. Vivyo hivyo siku uliyoghairi safari kabisa: ni siku mbaya, hata kama haina dakika.

Anza kuhesabu unapofunga mlango, malizia unapokaa mezani au unaposaini, na uandike saa papo hapo. Ukikadiria jioni utajikuta unaandika 70, 75, 80, zote zinaishia na sifuri au tano, na hapo umeshapoteza tofauti unayoitafuta. Ukiweza, andika pia vipande. Siku moja ingesomeka hivi: kutembea 9, kusubiri daladala 6, ndani ya daladala 18, kusubiri mwendokasi 8, ndani ya mwendokasi 26, kutembea 7, jumla 74. Baada ya wiki tatu utaona ni kipande kipi kinachocheza. Mara nyingi gari likishapata njia yake haliyumbi sana. Kinachoyumba ni kusubiri: magari mawili yanapita yamejaa, la tatu linafika nalo limebeba watu wa dakika ishirini. Dakika tano za kuwahi kituoni zinaweza kukuokolea kumi na tano za kusimama.

Lakini usichukue kusubiri kubaya kwa Jumatatu, daladala mbaya ya Jumatano na mwendokasi mbaya wa Ijumaa ukajumlisha uiite siku mbaya. Ni siku ambayo haikutokea, na kwa vipande vya kawaida jumla hiyo inazidi mno. Siku ya mvua ni tofauti kidogo, kwa kuwa mvua inaharibu vipande vyote kwa pamoja. Hapo jumla inakaribia ukweli. Hata hivyo tumia jumla ya siku nzima kila mara, na vipande vikusaidie kujua pa kurekebisha.

Anayevuka na pantoni kutoka Kigamboni ana umbo jingine tena. Ama umepanda, ama geti limefungwa mbele yako unasubiri linalofuata, kwa hiyo muda unaruka kwa hatua. Wastani wake unaweza kuangukia kwenye dakika ambazo hakuna siku hata moja zimetokea. Huyo asipange kwa wastani wala kwa ya katikati. Ahesabu kama amekosa pantoni moja.

Mwisho, angalia saa zako za kutoka. Namba ulizonazo ni za kuondoka kati ya 12:20 na 12:35. Saa 12:30 iko ndani ya hapo, kwa hiyo hesabu ya siku kavu inasimama. Saa 12:00 haimo. Ukitoka mapema hivyo utakuta kituo na barabara nyingine, pengine safari ya mvua itakuwa fupi kuliko 118, lakini daftari lako haliwezi kukuambia. Ile 12:41 ya wastani nayo haimo, na kwa upande huo mshangao kwa kawaida ni mbaya: ukichelewa kutoka dakika 15, safari yenyewe nayo inarefuka. Kwa hiyo siku za mvua ukianza kutoka saa 12:00, anzisha safu mpya, usizichanganye na 91 na 118 za zamani. Fanya hivyo pia shule zikifungwa Juni na Desemba, barabara zinapopumua, na masika ya Machi hadi Mei yanapoanza. Safari ya jioni iwe na daftari lake tangu mwanzo.

Siku kavu zikifika 21 kwenye safu moja, weka kando hiyo 90 niliyokupa na uchukue kubwa iliyoko kwenye daftari. Ikiwa ni 86, una dakika nne za kulala zaidi. Ikiwa ni 97, panga 97.